Taa ya ngazi inatii swichi moja, na fundi anataka kuchimba ukuta: uzoefu wangu

Nyota moja, na naona bado nimempa nyingi. Fundi niliyeletewa na hawa watu wa huduma za umeme majumbani alikuja kwa kazi ndogo tu: swichi ya juu ya ngazi ilikuwa imepasuka, abadilishe. Ya chini ilikuwa nzima na hakuna aliyeigusa. Taa ni moja, inawashwa na kuzimwa kutoka juu na kutoka chini, na miaka yote ilikuwa ikifanya hivyo bila kusumbua mtu. Akafungua, akahamisha nyaya, akakaza skrubu, akabonyeza mara moja, taa ikawaka, akalipwa, akaenda zake. Nikapanda, nikazima kwa swichi mpya, nikashuka, nikabonyeza ya chini. Giza. Nikabonyeza tena. Giza vilevile.

Nikampigia. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya yote: "Mama, ya juu iache hivyo hivyo ilivyo, we tumia ya chini tu. Mbona taa inawaka?"

Yaani nimelipa swichi mpya ili nisiiguse.

Baada ya maneno mengi akarudi. Akaivuta swichi ya juu nje ya ukuta, nyaya zikiwa bado zimefungwa, akagusisha testa, ikawaka kwenye nyaya mbili kwa pamoja. Akanigeukia na uso wa daktari mwenye habari mbaya: "Unaona? Nyaya zimegusana ndani ya ukuta. Zimeungua. Hapa lazima tuchimbe, tupitishe paipu mpya." Akaanza kupima ukuta kwa kiganja.

Sasa mimi si mgeni wa mambo haya. Marehemu baba alikuwa fundi umeme, nimeshika tochi na kupokezana bisibisi tangu nasoma shule ya msingi. Kwa hiyo niseme kwa nini maneno yale yalinipandisha damu, kwa sababu nina hakika siko peke yangu niliyeambiwa "tuchimbe".

Swichi ya ngazi, ile ya tu-wei, ina terminali tatu nyuma: COM, L1 na L2. COM, ambayo mafundi huiita komoni, ni njia panda. Ukibonyeza, inaacha L1 na kushika L2, ukibonyeza tena inarudi. Kwa ufungaji wa kwangu, waya wa moto unaingia kwenye komoni ya swichi ya chini. Kutoka L1 na L2 za chini zinapanda nyaya mbili za kati mpaka L1 na L2 za juu. Komoni ya juu ndiyo inayotoa waya wa kwenda kwenye taa. Umeme hupanda kwa waya mmoja kati ya ile miwili ya kati. Swichi zote mbili zikichagua waya uleule, taa inawaka. Zikichagua tofauti, inazima. Ndiyo maana hakuna "bonyeza upande huu kuwasha, upande ule kuzima" kwenye swichi za ngazi.

Hali za swichi mbili ni mchanganyiko wa aina 4. Taa ya ngazi isiyo na hitilafu huwaka katika 2 na kuzima katika 2. Ya kwangu sasa ilikuwa inawaka katika 1 tu. Swichi ya juu ikikaa upande mmoja, ya chini inawasha na kuzima vizuri. Ikihamia upande wa pili, ya chini unaweza kuibonyeza mpaka kidole kiote sugu.

Tuseme kweli nyaya za kati zimegusana, kama alivyosema. Basi haijalishi swichi ya chini imechagua upi, kwa kuwa yote miwili ina moto. Haijalishi ya juu imechagua upi, itapata moto. Taa ingewaka usiku na mchana isizimike kwa swichi yoyote. Tatizo langu ni taa kukataa kuwaka! Anataka kubomoa ukuta wangu kwa ugonjwa ambao dalili zake ni kinyume cha ninachomlalamikia.

Nimtendee haki kidogo. Angesema "waya mmoja wa kati umekatika", ningemsikiliza, tena kwa heshima. Waya mmoja ukikatika unabaki na njia moja tu, na taa inawaka katika mchanganyiko 1 kati ya 4. Dalili ni ileile kabisa, kwa kubonyeza tu huwezi kuzitofautisha. Hapo hata fundi mzuri anaweza kuyumba. Kwa hiyo pengine nyota mbili.

Lakini ukuta uliokuwa mzima asubuhi haukati waya saa ileile unapobadilisha swichi. Nikamwambia aache nyundo yake kwenye mkoba, nikamshukuru, nikamfungulia mlango.

Alipotoka nikazima meini swichi, nikahakikisha kwa mita kwamba hakuna moto hata kidogo, nikafungua swichi zote mbili. Nyaya tatu chini, nyaya tatu juu, zote nyekundu. Aliyejenga hakuweka alama yoyote, kwa hiyo rangi haikuniambia kitu. Chini palikuwa hapajaguswa, na waya uliokuwa kwenye komoni nikaufunga kipande cha utepe. Kisha nikazitenganisha nyaya zote, ncha zisigusane na zisiguse boksi, nikamsimamisha binti yangu mbali nazo, nikarudisha umeme. Mita ikaonyesha moto kwenye ule wenye utepe peke yake. Basi ile mingine miwili ya chini ndiyo inayopanda. Nikazima tena meini, nikapima tena kabla ya kugusa.

Sehemu ya kufuatilia nyaya ni rahisi kiasi cha kuudhi. Nikamwambia binti yangu asokote pamoja ncha za ile miwili ya chini. Nikatoa balbu ili isinidanganye. Juu nina nyaya tatu, kwa hiyo jozi za kupima ni tatu tu, mita ikiwa kwenye sehemu ya kutoa mlio nyaya zikiwa zimeunganika. Jozi ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu ikalia. "Tenganisha!" Mlio ukakata. "Unganisha!" Ukarudi.

Mlio ule mmoja ulimaliza kesi mbili. Jozi inayolia ndiyo nyaya za kati, na kwa kuwa mlio unatoka chini mpaka juu na kurudi, hakuna uliokatika. Kwa kuwa unakatika binti akizitenganisha, hazijagusana popote ndani ya ukuta. Waya wa tatu uliobaki hauwezi kuwa mwingine ila wa kwenda kwenye taa.

Nilikuwa nimepiga picha ya swichi ya juu kabla ya kulegeza skrubu. Nikaitazama. Waya wa taa alikuwa ameufunga L1. Kwenye komoni alikuwa ameweka mmoja wa nyaya za kati.

Hapo ndipo hasira ilipopanda mpaka utosini. Swichi ya zamani komoni yake ilikuwa juu, peke yake, na L1 na L2 chini yake. Hii mpya komoni iko upande wa chini. Swichi za watengenezaji mbalimbali hutofautiana hivyo, na ndiyo maana herufi zimechapwa nyuma. Yeye alihamisha nyaya kwa kufuata mahali zilipokuwa, wa juu ukaenda juu, wa chini ukaenda chini, bila kusoma herufi tatu! Matokeo yake, swichi ikiwa upande mmoja inaunganisha waya wa kati na taa, na upande wa pili inaunganisha nyaya mbili za kati zenyewe kwa zenyewe huku taa ikiachwa hewani.

Na testa yake? Iliwaka kwenye nyaya mbili kwa sababu hiyohiyo. Swichi aliyoifunga yeye ndiyo iliyokuwa inazigusisha nyaya za kati, halafu akausingizia ukuta. Angezitoa kwenye swichi kwanza ndipo apime, angeona moto unahama kutoka waya mmoja kwenda mwingine kila swichi ya chini inapobonyezwa. Tena hizo testa za kitaa kidogo si za kuaminiwa kwenye nyaya za ngazi, kwa sababu waya mfu uliolala ubavuni mwa waya wenye moto ndani ya paipu moja unaweza kuiwasha kwa mbali. Mita nayo inaweza kukuonyesha volti kadhaa za uongo. Ndiyo maana mimi huamini mlio umeme ukiwa umezimwa.

Nikahamisha nyaya mbili, nikakaza, nikarudisha balbu na umeme. Tukajaribu hali zote 4: mbili zinawaka, mbili hazina taa. Imeisha.

Kabla hujamtukana fundi wako, angalizo moja. Kuna nyumba ambazo nyaya tatu hupita kati ya swichi, komoni kwa komoni, na moto na taa vyote vinafungwa kwenye L1 na L2 za swichi moja. Kule ukikuta waya wa kati kwenye komoni si kosa, usiuhamishe. Na ikiwa ya chini inawasha na kuzima kila mara lakini ya juu haina athari yoyote kwa upande wowote, basi swichi ya juu imekwama kwa ndani; ipime komoni na L1, kisha komoni na L2, mlio usipohama, itupe. Kama huna mita au huna uhakika kwamba umeme umezimwa, usifungue kitu.

Turudi kwenye nyota. Kazi ya mkono wake ilikuwa safi, hilo siwezi kumnyima: nyaya zimemenywa kwa kipimo, hakuna shaba iliyochungulia, skrubu zimekaza, swichi imekaa wima ukutani. Nikaanza kuandika mbili. Kwamba hakusoma herufi, mtu huchoka. Hata kuwaza ukuta, sawa.

Halafu jioni ukaingia ujumbe kutoka ofisini kwao: ada ya ukaguzi wa pili, na makadirio ya kuchimba ukuta na kupitisha paipu mpya, tafadhali thibitisha. Imerudi kuwa moja. Picha ya nyuma ya swichi nimewatumia, herufi COM nimezizungushia duara. Mpaka sasa hawajajibu, na hiyo ada silipi.