Mshereheshaji aliyepanga zawadi kwenye sendofu ya mdogo wangu: uzoefu wangu

Nilikuwa katibu wa kamati ya sendofu ya mdogo wangu, hapa Tabata, Dar es Salaam. Mshereheshaji tulimlipa laki tano, nusu kabla na nusu usiku wa shughuli. Muziki na vichekesho vyake wengine watavisifia. Mimi nataka kueleza dakika nne alizotumia kabla ya zawadi, kwa sababu ndizo zilizookoa ratiba yetu.

Kwenye sendofu yangu mwenyewe mshereheshaji alisema tu, "Sasa ni muda wa zawadi, karibuni." Makundi matatu yaliinuka kwa pamoja. Shangazi zangu walibanwa nyuma ya wafanyakazi wenzangu, na mpaka leo picha yao na mimi haipo.

Huyu alikuja kwenye kikao cha kamati siku tatu kabla. Alitaka jina la kiongozi wa kila kundi, idadi ya watu, na kama kuna zawadi ya kubebwa na zaidi ya watu wawili. Tulikuwa na friji na kabati la vyombo. Akasema vitu hivyo viingie ukumbini mapema na vikae pembeni ya meza kuu vikiwa vimefunikwa. Kundi lenye zawadi hiyo likifika mbele, litafunua tu. Kisha akapiga hesabu: makundi kumi, kila moja dakika tano. Mbili za kuingia wakicheza, moja ya msemaji mmoja, mbili za kukabidhi, kupiga picha na kuondoka. Ukumbi wetu ulikuwa unafungwa saa 6 usiku, kwa hiyo zawadi zilitakiwa zianze kabla ya saa 4.

Usiku ule alizima muziki kabisa, akasubiri watu wanyamaze, ndipo akasoma mpangilio mara mbili. Wa kwanza upande wa mama, wa pili upande wa baba, kisha jumuiya, majirani, kwaya, wafanyakazi wenzake, marafiki wa shule, kamati, upande wa bwana harusi, na mwisho baba na mama.

Hapo kwenye nafasi mbili za kwanza ndipo nilipokuwa na hofu. Baba zangu wadogo hawakufurahia kutanguliwa na wajomba. Yeye alilitaja jambo hilo waziwazi, kwa heshima: "Wazee wangu wa upande wa baba, ninyi ndio wenye nyumba. Bibi mzaa mama ametoka Same tangu alfajiri. Tumwachie mgeni wetu atangulie, kisha mwenye nyumba afuate." Baba mdogo mkubwa aliinua mkono kukubali, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Kama angepanga vile vile bila kutoa sababu, maneno yangeanzia meza ile ile.

Akaendelea: "Kundi moja likiwa mbele, la pili limesimama mlango wa kushoto, la tatu limeshika zawadi mkononi." Bahasha ziandikwe jina na ziingie kwenye kapu la matroni, asipewe bibi harusi mkononi. Na aliye kwenye makundi mawili atoke na kundi la damu. Hili lilimhusu mama mdogo wetu, ambaye pia ni wa jumuiya. Bila hivyo angecheza mara mbili na kula muda wa wengine.

Tulianza saa 3:50, baba na mama wakamaliza kubariki saa 4:45. Ni dakika tano tu zaidi ya hesabu yake, na hizo zililiwa na majirani. Spika ya nyuma ilikuwa inakatika, hawakusikia zamu yao, wakainuka pamoja na jumuiya ikabidi warudishwe. Kabla ya maelezo hayo, tuma mtu wa kamati akasimame meza ya mwisho aone kama maneno yanafika.

Kasoro iliyoniuma ni nyingine. Wageni waliokuja peke yao, wasio na kundi, hakuwataja kabisa. Nilipomkumbusha aliwaweka mwisho, baada ya wazazi. Mzee mmoja aliyefanya kazi na baba miaka mingi alikuwa amekaa na kifurushi chake mapajani tangu saa 2. Ilipofika zamu yake alikuwa ameshaondoka kuwahi usafiri, kifurushi amekiacha kwa mlinzi wa getini. Mdogo wangu alilia alipokabidhiwa kesho yake. Kosa hili ni letu pia, maana kwenye orodha tuliyompa hatukuwaandika.

Kaka yetu anaoa Desemba na tumemchukua mshereheshaji huyu huyu. Orodha nimeshamtumia. Wageni watakaokuja peke yao ni namba 3, mara tu baada ya pande mbili za ukoo, na kila mmoja ataitwa kwa jina lake.