Picha ndani ya maandishi uliyopesti: hapana, haioni, na mimi imenigharimu karatasi 38

Mwalimu mwenzangu kaniuliza kama hii apu ya akili bandia tunayolipia kila mwezi inaona picha iliyo katikati ya maandishi ukiyapesti yote kwa pamoja. Nikamwambia nitamwandikia, maana kwa mdomo ningeishia kufoka. Jibu ni hapana. Kuna njia ya kuipa picha ikaiona na nitafika huko, ila picha iliyokaa ndani ya maandishi uliyokopi haioni, na kibaya zaidi haikwambii kuwa haijaona kitu.

Nafundisha jiografia kidato cha tatu. Kama wiki tatu hivi zilizopita nilikuwa natunga mtihani wa majaribio, swali la nne lilikuwa na grafu ya mvua, mwanafunzi aitazame aseme ni tabia gani ya nchi. Mji sikuutaja makusudi. Grafu ilikuwa ya Songea, nimeichora mwenyewe, msimu mmoja wa mvua, nguzo zinaanza kupanda Novemba, ndefu kuliko zote ni Januari, ikifika Aprili zinashuka, Juni mpaka Septemba karibu hamna kitu. Sasa nilipoichora nilifungua ile ya Dar es Salaam ya mwaka jana nikabadilisha nguzo, jina la faili nikaliacha vilevile. Notisi zangu naziandika kwenye apu inayoweka picha kama kiungo, kwa hiyo nilivyokopi swali zima na kupesti, kwenye skrini yangu nikiwa naiona grafu imetulia pale, kilichokwenda kwenye modeli, yaani ile akili bandia yenyewe, kilikuwa hiki tu:

```
4. Tazama grafu hii kisha jibu maswali.
![grafu](grafu_mvua_dar.png)
```

Ni hivyo tu. Picha yenyewe ilibaki kwenye kompyuta yangu. Nikaomba mwongozo wa kusahihisha, ukatoka mzuri ajabu, umepangika, na maksi zimegawanywa kabisa: misimu miwili ya mvua, masika kilele chake Aprili, vuli Novemba. Ilikuwa usiku, nimechoka, nikauamini. Na ukiusoma kama jiografia hauna kosa hata moja, hiyo ndo mvua ya Dar. Modeli ililiona neno "dar" kwenye jina la faili, ikaona neno "mvua", ikaandika yale inayoyajua kuhusu Dar, halafu ikaeleza kana kwamba inatazama nguzo moja moja.

Nimeshasahihisha karatasi 38, binti mmoja akanifuata ofisini na karatasi yake. "Shikamoo mwalimu. Samahani, mbona hapa umenikosesha, na kwenye grafu mvua ina msimu mmoja tu?" Nikaangalia grafu, nikaangalia mwongozo, mwili ukaniisha nguvu. Watoto walioitazama grafu kwa makini ndio niliowanyima maksi.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea hata hakunisubiri nimalize, akasema modeli yao inaona picha, imeandikwa wazi kwenye maelezo, labda mimi ndo sijui kuitumia. Nikamuuliza, je picha ikiwa ndani ya maandishi? Akarudia, "Mwalimu, nimeshakwambia inaona picha," akakata. Hii ndo iliyonichoma kuliko hata mwongozo wenyewe! Kwa sababu alichosema ni kweli nusu, na ile nusu aliyoiacha ndo niliyokuwa naiuliza.

Aliyenielewesha ni fundi wa chumba cha kompyuta pale shuleni. Akaniambia, mwalimu, kabla hujapesti kule, pesti kwanza kwenye Notepad. Notepad inapokea herufi tupu, kwa hiyo kinachobaki pale ndicho modeli itakachopata kupitia kisanduku cha maandishi. Tukajaribu swali langu, kikabaki hicho kimstari hapo juu. Tukajaribu faili la Word lenye ramani katikati, ramani ikatoweka, hata alama haikuacha, sentensi ya juu na ya chini zimeshikana. Hapo nikaelewa kwamba "tazama ramani hapo juu" modeli inaisoma kama mtu aliyeambiwa atazame ukuta mtupu.

Kuna moja ilitaka kunidanganya. Ukishusha hati ya Google Docs kwa mfumo wa Markdown, picha inageuzwa herufi na kuwekwa chini kabisa ya faili, kitu kama `data:image/png;base64,iVBORw0KGgo` halafu mlolongo usioisha. Nikasema basi, picha hii hapa, imo ndani ya maandishi yenyewe. Fundi akatikisa kichwa. Kila baiti 3 za picha zinaandikwa kwa herufi 4, kwa hiyo picha ya kilobaiti 300 inakuwa herufi kama laki nne, visanduku vingi vinazikata hata hazijafika mwisho. Na hata zikifika zote, modeli inazisoma kama herufi. Rangi na mistari imebanwa humo ndani, inahitaji programu ya kuifungua kwanza, na kuna huduma zenye sehemu ya kuendesha programu ya hivyo, ila kuzisoma kwa macho haiwezekani, kwake wala kwako. Picha ina mlango wake. Ikipita huko inakatwa vipande vidogo vya mraba, modeli inavifanyia kazi kama picha. Ikipita mlango wa maandishi, ni maandishi.

Mlango wa picha ndo ile alama ya kuambatisha, au ukopi picha peke yake na kuipesti, ukaona kijipicha kimejitokeza pembeni ya kisanduku. Usipokiona kijipicha, jua haijaenda. Nilivyoiambatisha grafu ya Songea hivyo, na jina la faili nikalifanya `a1.png` ili isipate pa kubahatisha, ikasema msimu mmoja, kilele Januari. Sawasawa kabisa. Nguzo ya Machi niliyoichora kwenye 180 ikaisoma 200, kwa hiyo namba bado nahakiki mwenyewe, lakini umbo la grafu ililipata, na nakiri nilifurahi.

Ukitaka kupima apu yako, andika namba ya tarakimu nne kwenye karatasi, yoyote isiyo na maana, mfano 7391, ipige picha, iweke katikati ya aya isiyo na namba yoyote, jina la faili liwe halisemi kitu. Pesti, uliza ni namba gani. Ikikosea au ikianza kueleza karatasi bila namba, haikuona. Na hata ikipatia, hiyo ni kwa apu hiyo na njia hiyo, usihamishie kwenye faili la PDF, kuna huduma zinachomoa maneno ya PDF peke yake na kuna zinazopiga kila ukurasa kama picha, ipime nayo kivyake.

Apu hii nilikuwa nimeipa nyota moja. Baada ya kuona imeisoma sawasawa grafu ya Songea nikapandisha tatu, maana kazi inaweza. Sasa nimeandika hapa nimemkumbuka yule kijana wa simu nimerudisha mbili, yani kumwambia mteja kweli nusu halafu ukamkatia simu, na huku maksi za watoto zinapotea! Karatasi 38 nimezisahihisha upya kwa mkono, yule binti kapata maksi zake zote nne.

Mwalimu, kesho njoo na ile ramani yako ya Usambara. Tunaanza na Notepad.