Kurenda harusi kwenye programu ya Kichina: uzoefu wangu na dirisha la 导出

Laptopu yangu niliinunua mtumba Kariakoo, na ndani yake nilikuta programu ya kuhariri video iliyoandikwa Kichina kuanzia juu hadi chini. Sikuifuta, maana ni nyepesi na inakata video haraka kuliko ile niliyozoea. Kukata na kupanga vipande hakunisumbui, kwa sababu alama ya mkasi haina lugha. Kazi huanza ninapobonyeza kitufe cha bluu kule juu kulia, 导出, yaani kutoa video. Dirisha linalofunguka lina visanduku vitano: 分辨率, 码率, 编码, 格式 na 帧率.

Mwanzoni nilisoma thamani tu, majina nikayaacha. Mbinu hiyo inakufikisha mbali. Penye 1080P ni ukubwa wa picha, penye fps ni idadi ya fremu kwa sekunde, na penye mp4 na mov ni aina ya faili. Kisanduku cha pili ndicho kilichonikwamisha. Hakina tarakimu, kina maneno matupu: 更低, 推荐, 更高.

Nikalipiga picha dirisha hilo nikamtumia shemeji yangu, ambaye huenda Guangzhou kununua viatu. Akajibu kwa sauti: "Shemeji, hiyo 码 naijua, ndiyo saizi. Kiatu namba 42 wanasema 42码. Na 率 ni ile ya mwisho kwenye 汇率, bei ya kubadilishia hela. 低 ni chini, 高 ni juu." Nikaelewa kwamba kisanduku hicho kinapanga saizi ya faili. Flashi ya mteja ilikuwa ndogo, basi nikachagua 更低, nikaacha 1080P vilevile na kurenda dakika 12 za harusi.

Faili lilitoka na megabaiti 360 hivi. Maharusi wakiwa wamekaa, picha ilikuwa safi kabisa. Walipoanza kucheza, taa zinazunguka na karatasi za kung'aa zinamwagwa, picha ikavunjika vipande vya mraba kama vigae. Dalili hiyo ndiyo ya kuikariri: picha ikiwa nzuri kwenye utulivu na kuchafuka kwenye fujo, tatizo haliko kwenye 分辨率, yaani ukubwa wa picha. Liko kwenye 码率, yaani bitireti, kiasi cha data kinachotengewa kila sekunde ya video. Kitu kilichotulia hakihitaji data nyingi, ila karatasi elfu zinazoruka zinaihitaji.

Shemeji hakukosea sana, kwa kweli, maana bitireti ndiyo inayoamua uzito wa faili. Chukua megabiti za kila sekunde, zidisha mara idadi ya sekunde za video, kisha gawa kwa 8 upate megabaiti. Video yangu ilikuwa na sekunde 720. Megabaiti 360 maana yake nilikuwa nimeipa megabiti 4 tu kwa sekunde. Nikarudi nikachagua 自定义, chaguo la kujiwekea mwenyewe, nikaandika 12000, yaani megabiti 12, kwa sababu pale wanahesabu kwa Kbps, kilobiti kwa sekunde. Faili likapanda hadi karibu gigabaiti moja na vigae vikaisha. Flashi nyingine nilinunua mwenyewe.

帧率, yaani idadi ya fremu kwa sekunde, ilinikuta baadaye. Kamera yangu naiweka fremu 25, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za ukumbini hazipepesi nikipiga hivyo. Programu ilikuwa imejiwekea 30fps. Ili kufikisha 30 inarudia fremu moja baada ya kila tano, na ukigeuza kamera taratibu kufuata msafara wa bibi harusi, unaona picha inashtuka-shtuka. Nikaweka 25fps, ikateleza. Kuchagua 60fps kwa video ya fremu 25 ni kuzidisha marudio tu, ingawa vijana wengi huiona ni bora kwa sababu namba ni kubwa.

Kwenye 编码 usidanganywe na ile 码 inayofanana na ya juu. Hapa ni namna ya kubana video. HEVC inatoa faili dogo, lakini runinga ya mteja mmoja ilitoa sauti bila picha. Tangu hapo naweka H.264 pamoja na mp4, na sijarudishiwa kazi kwa sababu hiyo.

Naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu 推荐, yaani chaguo linalopendekezwa, haionyeshi itatumia megabiti ngapi mpaka urende ndipo upige hesabu mwenyewe. Chini kabisa kuna kisanduku cha 音频导出. Nilikitiki siku moja kwa bahati mbaya, na pamoja na video likatoka faili la sauti peke yake. MC akaliomba, ana hotuba ya mzee mle ndani anayotaka kuisikiliza garini.