Tableti au karatasi? Hesabu ya utafiti wetu wa kaya 600 Mombasa

Nimesimamia utafiti wa kaya kwa njia zote mbili, kuanzia Likoni hadi Kisauni. Jambo linaloamua gharama ni moja: kila tableti itafanya mahojiano mangapi kabla haijaharibika.

Tulikuwa na kaya 600, dodoso la kurasa 14 na wahojaji 10. Kuchapisha ukurasa ni shilingi 4, kwa hiyo dodoso moja ni 56, na ukiongeza nakala za akiba unafika 62. Karani analipwa 40 kuingiza dodoso moja, ila kila dodoso linaingizwa mara mbili na makarani tofauti, ndipo makosa yaonekane wakati wa kulinganisha. Hiyo ni 80. Bahasha na kusafirisha maboksi, 8. Jumla 150 kwa dodoso, yaani 90,000 kwa kazi nzima. Karani wa pili ndiye anayesahaulika sana kwenye bajeti, na hapo karatasi huonekana rahisi kuliko ilivyo.

Tableti 10 kwa 15,000 ni 150,000. Kava na pawabanki zikaongeza 20,000. Programu ya ODK Collect ni ya bure, lakini fundi wa kuandaa dodoso ndani yake alidai 20,000. Bando 10,000. Mafunzo yaliongezeka siku nzima, posho na chakula vikala 20,000. Siku hiyo msiikate: mhojaji lazima alijue dodoso kwenye karatasi kwanza, la sivyo atafuata kioo tu bila kuelewa anachouliza. Jumla 220,000.

Kwa hiyo kwa utafiti mmoja wa kaya 600, karatasi ilishinda waziwazi. Lakini 170,000 ya vifaa hailipwi tena. Utafiti unaofuata wa ukubwa huohuo unagharimu 50,000 badala ya 90,000, unaokoa 40,000 kila mara, na vifaa vinajilipa kwenye utafiti wa tano, mradi vifike huko. Weka fungu la kubadilisha vinavyovunjika. Kama kaya zako zinakaribia 1,500, tableti zinalingana na karatasi tangu mara ya kwanza.

Kuna faida ambayo bajeti haiionyeshi. Jioni moja niliona mahojiano ya mhojaji mmoja yakichukua dakika tisa, wenzake wakichukua arobaini. Asubuhi yake nilirudi naye kwenye nyumba zilezile. Kwa karatasi ningeligundua hilo baada ya makarani kumaliza, timu imeshavunjwa. Tableti pia haikubali umri wa mtoto pale mama aliposema hana mtoto.

Lakini kosa la fundi linaingia kwa wote: swali likirukwa kimakosa, linarukwa kaya zote 600. Jaribuni kwenye mtaa mmoja kabla ya kuanza. Na jua la saa saba mchana linafanya kioo kisisomeke, kwa hiyo mhojaji aombe kukaa barazani.

Mwenye utafiti mmoja mdogo, namshauri achapishe au akodi tableti. Sisi tuna tafiti kila mwaka, tumebaki na tableti.