Uzoefu wangu: kumfungulia mtoto mtumiaji wake kwenye simu ya nyumbani

Simu yetu ni moja, Android ya kawaida. Humo ndimo ilimo M-Pesa, WhatsApp ya kazini na picha zote za familia, na humohumo binti yangu wa miaka sita anacheza gemu. Nilitaka acheze bila kuyafikia hayo yote.

Nilifungua Settings, kisha System, kisha Multiple users. Pale kuna njia mbili, Guest na Add user. Kwanza nilijaribu Guest, kwa kuwa ni ya haraka. Tatizo ni kwamba ukirudi kwenye Guest, simu inauliza kama uendelee au uanze upya, na kitufe kimojawapo kimeandikwa Start over. Mtoto asiyejua kusoma anabonyeza chochote. Binti akabonyeza hicho, na gemu zake zote pamoja na hatua alizofika zikafutika. Alilia sana. Guest inamfaa mgeni anayeomba simu kidogo tu, siyo mtoto anayecheza kila siku.

Add user ndiyo iliyotufaa. Ina skrini yake, gemu zake na picha zake, na ukizima simu vinabaki. Play Store ya huko inadai akaunti ya Google, kwa hiyo niliweka akaunti ya pembeni isiyo na kadi wala njia yoyote ya malipo. Kisha ndani ya Play Store nikawasha Parental controls kwa PIN ninayoijua mimi na mama yake tu. Ruhusa ya kupiga simu na kutuma SMS kwa mtumiaji mpya sikuiwasha.

Jambo la lazima ni upande wako kuwa na PIN. Kuhama ni kushusha pazia la juu na kugusa alama ya mtu, na mtoto anajifunza hilo upesi. Kama huna PIN, atarudi kwako bila kizuizi chochote. Kwetu anakutana na PIN, anaachana nayo, anarudi kwenye gemu lake.

Bando na nafasi ya kuhifadhi vinabaki vya pamoja. Gemu zake zinakula GB zilezile, na matangazo yanakula data yako, kwa hiyo gemu zisizohitaji mtandao nampa baada ya kuzima data. Simu yenye RAM ndogo inakuwa nzito, maana upande wako unaendelea kufanya kazi nyuma yake. Na mpango huu haupimi muda: saa za kucheza bado tunamhesabia wenyewe.

Kabla ya kununua simu kwa ajili ya hili, ingia dukani uitafute Multiple users kwenye Settings. Simu za Samsung kwa kawaida hazina, ingawa tableti zake zinayo. iPhone nayo haina. Kwenye iPhone utatumia Guided Access, inayomfungia mtoto ndani ya gemu moja.