Mjane, mwenza mpya na karata za taroti: uzoefu wangu wa Glastonbury

Nilikwenda kusomewa karata za taroti Glastonbury, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Uingereza, kwa sababu nilitaka kujua kama ni busara kumkubali Baba Neema, mzee mmoja mgane tunayeimba naye kwaya hapa Bristol. Mimi ni mjane, huu ni mwaka wa nne, na watoto wangu wawili wameshakuwa watu wazima. Niseme mapema kwamba swali hilo halikujibiwa, na pauni 55 nilizomlipa msomaji karata sizililii. Anayetaka ndiyo au hapana abaki nyumbani.

Mtu atauliza kwa nini nisizungumze na watu wangu. Nilizungumza nao. Wifi yangu kule Tanga aliniambia, "Wifi, udongo wa kaka haujakauka," na simu ikakatika, sijui kwa mtandao au kwa hasira. Binti yangu alisema, "Mama, wewe ukifurahi na sisi tumefurahi," kisha akakaa kimya wiki nzima. Mchungaji alinikumbusha kwamba kifo kimefungua kifungo cha ndoa, jambo nililokuwa nalijua tayari. Kila mmoja alikuwa na upande wake. Nilihitaji saa moja na mtu asiyemjua marehemu, asiyemjua Baba Neema, na asiyekuwa na shamba wala nyumba katika shauri hili.

Kabla ya Glastonbury nilipiga simu kwa mtabiri mmoja anayetoza kwa dakika. Hakuchukua muda. Alisema mume wangu amekasirika, amesimama mlangoni anamzuia kila mwanamume anayekuja, na kwamba kumwondoa kunahitaji mishumaa maalumu ya siku saba inayouzwa na yeye mwenyewe. Nikakata simu. Wajane tunavutwa sana na maneno ya namna hii, kwa sababu hatia tunayo tayari, na anayekuuzia dawa yake hana haja ya kuitengeneza, anaipuliza tu. Uingereza iliwahi kuwa na sheria ya mwaka 1951 dhidi ya matapeli wanaojidai kusema na wafu. Ilifutwa mwaka 2008, na mambo hayo yakaingizwa katika kanuni za kumlinda mlaji. Ndiyo maana wasomaji karata wengi hapa hubandika ilani kwamba huduma yao ni ya burudani tu. Ilani hiyo haikuambii kama mtu ni mwaminifu. Mishumaa ndiyo inayokuambia: anayetaja laana kisha akataja bei ya kuiondoa, mwache hapohapo.

Glastonbury nilikwenda kwa basi la 376 linalopitia Wells. Barabara kuu ya mji ule ina maduka ya ubani, mawe ya rangi na kanzu za wachawi mpaka unajiuliza watu wananunua wapi mkate. Msomaji karata wangu ana chumba juu ya duka mojawapo. Ni mama wa makamo, hana shanga wala kitambaa kichwani. Aliniuliza kama nakubali arekodi sauti ili niondoke nayo, akaniambia mambo matatu asiyoyasoma: ugonjwa, kesi, na mawazo ya mtu ambaye hayupo chumbani. Hilo la tatu lilinivunja moyo kidogo, maana nilikuja hasa kujua Baba Neema ana nia gani.

Swali langu lilikuwa, "Je, ni vizuri niwe naye?" Akalikataa kwa upole. Alisema karata haziwezi kumpima mtu ambaye hakuzichanganya, na "vizuri" ya nani, yangu au ya wifi? Tukavutana mpaka likawa hivi: "Nini ninachokibeba kutoka msibani ambacho kitaingia nami katika urafiki huu?" Kama kuna kitu kimoja nilichokilipia, ni zile dakika kumi za kulirekebisha swali.

Kwa wasiozijua, karata za taroti ni 78. Karata 22 ni za picha kubwa kama Jua, Mnara na Kifo. Nyingine 56 zinafanana na karata tunazochezea nyumbani, ila badala ya kopa kuna vikombe, badala ya shupaza panga, pau ni fimbo na uru ni sarafu. Zilianza Italia ya kaskazini karne ya 15, zikiwa mchezo tu, na utabiri ukaja baadaye sana. Alizotumia yeye ni zile zilizotolewa London mwaka 1909, zilizopangwa na Arthur Edward Waite na kuchorwa na Pamela Colman Smith. Alipanga karata kumi kwa mpango unaoitwa Msalaba wa Kiselti, ambapo kila nafasi ina kazi yake. Sitazipitia zote, nyingine hazikuniambia kitu.

Ya kwanza, inayoonyesha hali ulimo, ilikuwa Tano ya Vikombe. Mtu amevaa joho jeusi, kichwa ameinamisha, mbele yake vikombe vitatu vimemwagika. Nyuma yake viwili vimesimama, naye havioni. Nikasema moyoni, haya, ujane huo hapo, mtoto mdogo angeweza kuusoma. Lakini hakuniambia "geuka uvione viwili." Aliniuliza ni vitu gani vitatu vilivyomwagika, nivitaje kwa majina. Mume wangu, nikasema. Na vingine? Nikakaa. Cha pili kilikuwa mtu wa kuzungumza naye Kiswahili ndani ya nyumba. Cha tatu kilikuwa mpango wetu wa kurudi Tanga kuzeeka. Na hapo nikaona kwamba Baba Neema ananipa cha pili, kizima, lakini cha tatu hana, yeye hana nia ya kuondoka Bristol. Hilo nililijua toka zamani, ila sikuwahi kuliweka mezani likiwa peke yake.

Juu ya hiyo, kwa kukingama, ikalala Nne ya Sarafu, yaani kinachokuzuia. Mtu mwenye taji amekumbatia sarafu moja kifuani, nyingine iko kichwani, mbili amezikanyaga. Msomaji akauliza, "Unalinda nini?" Nikamjibu bila kufikiri: nyumba. Mkopo wa nyumba tuliumaliza na marehemu kwa zamu za usiku, na ni ya watoto. Yeye akasema tu kwamba karata hii haisemi kulinda ni kubaya, inauliza kama mikono iliyoshika inaweza pia kupokea. Maneno mazuri, ila mimi akili yangu ilishahamia kwingine, nitarudi hapo.

Nafasi ya saba, muulizaji mwenyewe, alikaa Malkia wa Panga. Katika maelezo ya Waite, neno la kwanza kuhusu malkia huyu ni ujane. Nikashtuka, lazima niseme. Msomaji alitulia, akasema siku hizi wengi humsoma kama mwanamke aliyepita kwenye maumivu na sasa hadanganyiki kirahisi, akanionyesha mkono wa kulia ulioshika upanga wima na wa kushoto ulionyooshwa kama wa kumkaribisha mtu. Nafasi ya nane ni watu wa nyumbani, na hapo ikaja Tano ya Fimbo, vijana watano wanagongana fimbo. Nikacheka kwa sauti, nikamwona wifi. "Tazama vizuri," akasema, "kuna aliyeumia?" Hakuna. Mbili ya Vikombe, karata ya wawili wanaonyosheana vikombe, haikuja mwisho kama nilivyotamani. Ilikaa nafasi ya tisa, ambayo ni matumaini na hofu kwa pamoja.

Ya mwisho ilikuwa Saba ya Sarafu, mkulima kijana ameegemea mpini akiliangalia zao lake. Msomaji alisema si hukumu, ni muda wa kutazama: nijiwekee kipindi, nione kama nikiwa na Baba Neema bado nawasiliana na watoto, bado nalala vizuri, na bado naweza kumtaja marehemu mbele yake bila chumba kupoa. Hilo la mwisho nimelishika. Mwanamume asiyeweza kusikia jina la mume wako, hata akiwa mpole kiasi gani, utaishi naye ukichuja maneno.

Sasa niwe mkali kidogo. Pete ya ndoa nilikuwa nayo kidoleni, na neno "mjane" niliandika mwenyewe nilipoweka miadi, kwa hiyo mengi aliyoyasema yasingehitaji karata. "Unahisi kama unamsaliti" ni sentensi inayomfaa kila mjane duniani, wa Bristol na wa Pangani. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia zao, nao wakayasifu kwa usahihi, kumbe wote walipewa karatasi ileile. Nilikuwa nalo hilo kichwani muda wote. Na kama karata ya mwisho ingekuwa Mnara, karata ya balaa, nina hakika tungepata maana ya kufaa hapo pia. Kwangu karata zilifanya kazi ya kunihoji kwa mpangilio ambao hakuna ndugu aliyeuchagua. Zaidi ya hapo sidai. Na mtu ambaye msiba wake bado mbichi, hali wala halali, asiende huko, amwone daktari wake au mshauri wa wafiwa. Kuna siku katika mwaka wa kwanza ambazo ningeamini hata mishumaa ile.

Nimerudi kwenye nyumba. Ile Nne ya Sarafu ilinipeleka kwa mwanasheria, jambo ambalo msomaji hakulitaja wala si kazi yake. Huku Uingereza na Wales, kwa Sheria ya Wosia ya mwaka 1837, ukifunga ndoa wosia ulioandika zamani unabatilika, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyohiyo. Kwa hiyo wosia wangu unaowapa watoto nyumba ungekufa siku ya harusi, nami nisijue. Kinyume chake, tukiishi pamoja bila ndoa, mmoja wetu akifariki bila wosia mwenzake harithi chochote moja kwa moja, hata iwe mmekaa miaka ishirini. Wajane wenzangu mnaoishi huku, hili liulizeni kabla ya kuuliza kama nyota zenu zinapatana.

Baba Neema nimemweleza yote mawili, karata na wosia. Karata alizicheka mpaka akakohoa. Wosia akauliza ofisi ya huyo mwanasheria inafunguliwa saa ngapi, maana na yeye ana binti.