Miezi minane na UiO-66 na UiO-67: pete moja ya benzini inabadilisha nini

Mezani pangu maabara kuna vichupa viwili vya unga mweupe, laini kama unga wa muhogo. Ukiondoa lebo huwezi kuvitofautisha, si kwa macho wala kwa vidole. Kimoja ni UiO-66, kingine ni UiO-67. Herufi hizo tatu ni za Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, ambako familia hii ya fuwele ilizaliwa na kutangazwa mwaka 2008. Nilivinunua vikiwa tayari, nikavitumia kwa miezi minane, na naandika kwa ajili ya yeyote anayejiuliza kama cha pili kinastahili bei yake, maana ni ghali kuliko cha kwanza kwa mbali.

Anayevisikia kwa mara ya kwanza afikirie nyumba ya fito kabla haijakandikwa udongo. Fito zinakutana kwenye mafundo, na kati yake kuna nafasi tupu. Katika unga huu fundo ni kishada cha atomi sita za zirkoni zilizoshikana kwa oksijeni. Ufito ni molekuli ya kikaboni yenye mkono wa asidi kila upande, na mikono hiyo ndiyo inayoshika mafundo. Kila fundo linatoa fito 12 kuelekea mafundo jirani, na ndiyo sababu jengo hili ni imara kuliko mengi ya aina yake. Nafasi tupu zinazobaki ndizo vinyweleo, na ndizo tunazolipia.

Tofauti ya vichupa vyangu iko kwenye ufito peke yake. Ufito wa UiO-66 ni asidi ya tereftali, yenye pete moja ya benzini katikati. Ni asidi ileile inayotengeneza plastiki ya chupa za maji ya kunywa, ndiyo maana ni rahisi kupatikana. Ufito wa UiO-67 una pete mbili zilizofuatana. Mafundo ni yaleyale, na namna ya kupangika ni ileile. Kuna na ndugu wa tatu, UiO-68, mwenye pete tatu, lakini huyo sikumnunua.

Kilichonivutia tangu mwanzo ni kwamba hesabu yake inakubali kufanywa kwa penseli. Kipimo cha boksi dogo linalojirudia ndani ya fuwele ni nanometa 2.07 kwa UiO-66 na 2.69 kwa UiO-67. Mafundo yamepangwa kama machungwa yaliyorundikwa sokoni, kwa hiyo umbali kutoka fundo hadi fundo ni kipimo hicho kugawanya kwa 1.414. Unapata 1.46 kwa cha kwanza na 1.90 kwa cha pili. Tofauti ni karibu nanometa 0.44. Sasa pima pete ya benzini yenyewe: kutoka kaboni ya upande mmoja hadi ya upande wa pili ni 0.28, ongeza kifungo cha kuiunganisha na pete inayofuata, 0.15, jumla 0.43. Yaani urefu wote ulioongezwa kwenye ufito umeonekana kati ya mafundo, bila kupinda wala kulegea. Nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo, nikairudia.

Lakini hapa ndipo wanunuzi wengi wanapojidanganya, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mafundo yakisogea kwa 0.44, haimaanishi mlango umepanuka kwa 0.44. Mlango wa kuingilia kwenye vyumba vya fuwele hizi ni pembetatu, yenye mafundo matatu kwenye pembe na fito tatu kama kingo. Kinachopita ni kile kinachotosha ndani ya duara la katikati ya pembetatu hiyo, na kipenyo cha duara la namna hiyo ni kama 0.58 tu ya urefu wa ubavu. Kwa hiyo nyongeza ya 0.44 inakuwa robo ya nanometa mlangoni. Ndivyo ilivyo kweli: mlango wa UiO-66 ni karibu nanometa 0.6, wa UiO-67 karibu 0.8, na wa UiO-68 karibu 1.0. Vyumba vya ndani vinakua haraka zaidi. Chumba kikubwa kinatoka karibu 1.1 hadi 1.6. Ukinunua kwa kuangalia ukubwa wa chumba huku molekuli yako haipiti mlangoni, umenunua ghala lisilo na ufunguo.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la rangi ya methilini bluu, ambayo molekuli yake ni ndefu, karibu nanometa 1.4, na upana wake ni karibu 0.6. Inaingia kwa kichwa, si kwa ubavu. Niliweka miligramu 20 za kila unga kwenye mililita 50 za maji yenye rangi, miligramu 50 kwa lita, nikaviacha vikizungushwa usiku kucha. Asubuhi chupa ya UiO-66 ilikuwa bado bluu, imepungua kidogo tu. Ya UiO-67 ilikuwa imefifia hadi ungeweza kusoma maandishi nyuma yake, na unga uliotulia chini ulikuwa wa bluu iliyokolea. Mlango wa 0.6 kwa molekuli ya upana wa 0.6 ni kubanana, lakini robo ya nanometa iliyoongezwa na ile pete ya pili ilitosha kuipitisha.

Angalizo moja kabla hamjaenda kurudia. UiO-66 nyingi zinazouzwa zina fito zilizokosekana, hasa zile zilizopikwa pamoja na asidi ya siki au asidi nyingine ndogo inayoshindania nafasi kwenye mafundo. Ufito ukikosekana, milango miwili inaungana na kuwa mmoja mkubwa. Utalijua hilo kwa kipimo cha eneo la uso kwa naitrojeni: UiO-66 isiyo na mapengo inakuja karibu mita za mraba 1,200 kwa gramu, na ukiona 1,500 au 1,600, usifurahi kwamba umepewa zaidi. Umepewa fuwele yenye mapengo, na matokeo yako ya rangi hayatafanana na yangu.

Sasa niseme kilichoniumiza. Baada ya jaribio lile nilitaka kuitumia UiO-67 tena. Niliisafisha kwa maji mengi, nikaichuja, nikaiweka kwenye oveni nyuzi 100 mpaka asubuhi, kama nilivyozoea kufanya kwa UiO-66 bila shida yoyote. Ilitoka nyeupe, kavu, nzuri kuitazama. Nikapeleka sampuli kwa mzee anayeendesha mashine ya eksirei.

Kwa mnaoanza, mashine hiyo ndiyo itakayowaambia kama kichupa kina kile kilichoandikwa. Kwenye mchoro wake UiO-66 inatoa mlima wa kwanza kwenye pembe ya nyuzi 7.4, UiO-67 kwenye 5.7, kwa eksirei ya kawaida ya shaba. Mlima unashuka kwenye nyuzi ndogo kwa sababu tabaka za mafundo zimeachana zaidi. Anza kupima tangu nyuzi 4 au chini yake; ukianzia 10 kwa mazoea utaupoteza mlima huo muhimu kabisa.

Mzee aliangalia kioo, akaniangalia mimi.

"Mwanangu, hii umeifanya nini? Mara ya kwanza milima ilikuwa imesimama, leo imelala yote."

"Niliikausha tu, mzee. Niliiosha kwa maji nikaikausha."

"Basi maji yameiua."

Penye 5.7 palibaki uvimbe mpana, usio na kilele. Kipimo cha naitrojeni, ambacho UiO-67 yenye afya huleta karibu mita za mraba 2,500 kwa gramu, kilikuwa kimeanguka chini hata ya UiO-66. Gramu mbili zilipotea hivyo, na hazikuwa rahisi kuzipata.

Nilidhani, kama wengi walivyodhani kabla yangu, kwamba maji yalikata mikono ya asidi kutoka kwenye zirkoni. Lakini mwaka 2014 kikundi cha Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kilionyesha kwamba ndani ya maji UiO-67 haivunjiki hivyo. Inavunjika inapokauka. Maji yanapotoka kwenye kinyweleo chembamba, uso wake unavuta kuta kuelekea ndani, jinsi nywele zilizolowa zinavyoshikana. Ufito mfupi wa UiO-66 unahimili mvuto huo. Ufito mrefu hauhimili, na chumba kinaporomoka. Urefu uleule ulionipa mlango mpana ndio ulioniletea udhaifu huu.

Dawa yake ni kutoruhusu maji yawe kimiminika cha mwisho kutoka. Mvuto wa uso wa asetoni ni karibu theluthi tu ya ule wa maji. Siku hizi nikimaliza kazi ya maji naiacha UiO-67 ikiwa mbichi, siigusishi hewa kavu, naimwagia asetoni, naisubirisha saa kadhaa, namwaga, naweka nyingine, mara tatu au nne mpaka kesho yake. Baada ya hapo ndipo naivuta kwa pampu ya ombwe huku nikiipasha moto polepole hadi nyuzi 100. Sampuli ya kwanza niliyoifanya hivi nilimpelekea mzee yuleyule, na mlima wa 5.7 ulikuwa umesimama. Aliugonga kioo kwa kidole, akasema, "Huyu kapona." Hakuwa amepona, alikuwa mwingine aliyetunzwa vizuri, lakini nilifurahi sana.

Kuhusu kuendelea kurefusha ufito kwa matumaini ya mlango mpana zaidi, nimesita, na si kwa ajili ya kukauka pekee. Katika familia nyingine ya fuwele za namna hii, yenye mafundo ya zinki, ile iliyoanza na fuwele iitwayo MOF-5, fito zikirefuka sana hutokea fuwele ya pili ikakua ndani ya vyumba vya ya kwanza, kama nyavu mbili zilizosukana. Unalipia ufito mrefu na unapata vinyweleo vidogo kuliko ulivyokuwa navyo.

Kwa matumizi yangu nimegawa hivi. UiO-66 ndiyo ya kila siku: gesi, molekuli ndogo, kazi yoyote ya kulowesha na kukausha mara kwa mara, na hata mwanafunzi mgeni namkabidhi bila wasiwasi. UiO-67 naitoa kabatini pale tu upana wa molekuli unapozidi 0.6, na kichupa chake nimekibandika karatasi nyekundu: USIKAUSHE KUTOKA KWENYE MAJI. Kwa muuzaji wangu nina lalamiko moja tu. Kichupa kilikuja na karatasi ya usalama, lakini neno hili la kukausha halikuwemo popote, na lilipaswa kuwa la kwanza.